Kiungo chenye Nywila na Tarehe ya Kufungwa: Jinsi Faili la Mteja Linavyofikishwa

Faili linapowekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni kama OneDrive, Dropbox au Nextcloud, mwenye akaunti anaweza kuiagiza huduma itengeneze kiungo cha kulifikia. Kiungo hicho ni anwani ya kawaida ya mtandao, ila mwishoni mwake kuna mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu uliochaguliwa kwa bahati nasibu. Mfuatano huo ndio unaofanya kazi yote. Seva ikiuona, inatazama katika kumbukumbu zake umeunganishwa na faili lipi, kisha inalifungua bila kuuliza anayeomba ni nani. Ni kama risiti ya mzigo uliotumwa kwa basi: mhudumu wa stendi humkabidhi mzigo yeyote anayekuja na risiti, awe mwenyewe, ndugu yake, au mtu aliyeiokota njiani.

Urahisi huo ndio unaowavuta wahasibu, mawakili, wasanifu majengo na wapiga picha. Mteja hahitaji kufungua akaunti wala kuweka programu yoyote, na faili halizuiwi na ukubwa wake. Gmail, kwa mfano, kwa kawaida hairuhusu kutuma kiambatisho kinachozidi MB 25, na kwa kuwa kiambatisho huongezeka ukubwa kwa takriban theluthi moja kinapogeuzwa kuwa maandishi ya barua pepe, hata faili la MB 20 linaweza kukwama kwenye mifumo mingine. Lakini urahisi huohuo una maana kwamba siri yote ya faili imo ndani ya anwani, na anwani ni kitu kinachonakiliwa, kinachopelekwa mbele na kinachobaki. Nywila na tarehe ya kufungwa vilibuniwa kuziba mianya miwili tofauti ya kiungo cha namna hii, na mara nyingi huchanganywa kana kwamba kimoja kinaweza kufanya kazi ya kingine.

Wengi hudhani hatari kubwa ni mtu kubahatisha anwani. Kwa kiungo kirefu, jambo hilo haliwezekani kwa vitendo. Hatari ya kubahatisha huanza pale kiungo kinapofupishwa. Mwaka 2016 watafiti Martin Georgiev na Vitaly Shmatikov walionyesha kwamba viungo vifupi vilivyokuwa vikitolewa kwa ajili ya OneDrive vilikuwa na herufi chache kiasi kwamba kompyuta iliweza kuvijaribu kimoja baada ya kingine hadi ikafika kwenye mafaili halisi ya watu. Takriban asilimia 7 ya folda za OneDrive walizozifikia kwa njia hiyo ziliruhusu mtu yeyote kuandika ndani yake, yaani mgeni angeweza kuweka virusi ambavyo vingeshuka vyenyewe kwenye kompyuta za mwenye folda. Kwa hiyo kiungo cha mteja hakipitishwi kwenye huduma za kufupisha anwani, hata kama urefu wake unachukiza machoni.

Njia ambazo viungo huvuja kweli ni za kawaida zaidi. Mwaka 2014 kampuni ya Intralinks, ilipokuwa ikichunguza takwimu za matangazo yake ya Google, ilikutana na viungo vya Dropbox na Box vilivyofungua marejesho ya kodi, maombi ya mikopo ya nyumba na taarifa za benki za watu wasioijua kabisa kampuni hiyo. Hakukuwa na mdukuzi. Watumiaji walikuwa wamebandika viungo vyao kwenye kisanduku cha utafutaji badala ya sehemu ya anwani, na maneno yanayotafutwa yalikuwa yakionekana kwa watangazaji. Wakati huohuo iligundulika njia ya pili: mtu akifungua waraka kupitia kiungo, kisha akabofya tovuti iliyotajwa ndani ya waraka huo, kivinjari kiliijulisha tovuti hiyo ametokea anwani gani, na anwani hiyo ilikuwa ni kiungo chenyewe. Dropbox ililazimika kuvifunga viungo vilivyoathirika. Mwanya wa pili umezibwa kwa sehemu kubwa katika vivinjari vya leo, lakini wa kwanza unategemea kidole cha mtumiaji, nao uko palepale.

Zaidi ya hayo kuna barua pepe zenyewe. Meneja anapokea kiungo, anampelekea katibu, katibu anampelekea mkaguzi, na nakala inabaki kwenye kila kikasha. Miaka mitatu baadaye mmoja wao anaibiwa akaunti, na anayeingia anatafuta neno "mishahara" kwenye barua za zamani. Kiungo kisicho na tarehe ya mwisho bado kinafungua.

Hapo ndipo kazi ya kila kinga inapojitenga. Nywila inamzuia mtu aliyekipata kiungo leo bila kukusudiwa. Tarehe ya kufungwa inamzuia mtu atakayekipata kesho kutwa, wakati mtumaji amekwisha sahau kwamba kiungo kipo. Nywila peke yake inaacha kiungo kikiishi miaka na miaka, kikisubiri siku ambayo nywila hiyo itaonekana mahali. Tarehe peke yake inaacha mlango wazi katika siku zilezile ambazo kiungo kinazunguka kwenye vikasha vya watu. Kwa hati zenye taarifa za watu, vyote viwili vinahitajika.

Hata hivyo huduma hazilingani katika jambo hili, na ni vizuri kulijua kabla ya kumwahidi mteja. Akaunti ya bure ya Dropbox haina nywila wala tarehe ya mwisho kwa viungo; vinapatikana katika mipango ya kulipia ya ngazi za juu. OneDrive ya mtu binafsi inavitoa kwa mwenye usajili wa Microsoft 365. Nextcloud, ambayo ni programu huria inayoweza kuwekwa kwenye seva ya ofisi yenyewe, ina vyote viwili, na msimamizi wake anaweza kuvifanya vya lazima ili mfanyakazi asiweze kutengeneza kiungo cha wazi hata akitaka. Google Drive imechukua njia nyingine: kiungo chake hakiwekewi nywila, na tarehe ya mwisho katika akaunti za kazi au za shule huwekwa kwa mtu aliyetajwa kwa anwani yake. Mfumo huo unafaa pale mteja mwenyewe anapotumia akaunti ya Google, kwa sababu anajithibitisha kwa kuingia. Haufai pale mteja anapotaka kubofya tu na kupakua.

Mfano wa kazi halisi unaweza kuonyesha mambo yanavyopangwa. Ofisi ndogo ya uhasibu mjini Moshi imemaliza kufunga hesabu za mwaka za hoteli iliyoko Mwanza. Kuna rasimu ya hesabu, skani za risiti na stakabadhi, na jedwali la mishahara lenye majina ya wafanyakazi, namba zao za NSSF, namba za utambulisho wa mlipakodi na akaunti zao za benki. Vyote pamoja vinafikia MB 640. Ofisi inatumia OneDrive yenye usajili, na siku ya kutuma ni Ijumaa, tarehe 7 Machi 2025.

Hatua ya kwanza inafanyika kabla ya kiungo kuwepo, na makosa mengi makubwa huzaliwa hapa. Mhasibu anaunda folda mpya kwa ajili ya utumaji huu tu, kisha ananakili ndani yake mafaili matatu au manne yanayohusika. Hatengenezi kiungo kwenye folda ya kazi ya mteja, kwa sababu folda ya kazi ina rasimu zilizofutwa, mawasiliano ya ndani na mahesabu ya ada. Na kiungo cha folda hufungua kila kilichomo, pamoja na kitakachoingizwa humo kesho. Kosa baya zaidi ni kutengeneza kiungo ngazi moja juu, kwenye folda iitwayo "Wateja", mteja mmoja akajikuta anatazama mishahara ya mwingine. Nakala mpya ina faida nyingine pia: mafaili ya kazi yanaendelea kubadilishwa kila siku, na kiungo humwonyesha mteja hali ya faili wakati anapolifungua, si wakati lilipotumwa. Mteja aliyepakua Jumatatu na mwenzake aliyepakua Jumatano wanaweza kuwa na hesabu mbili tofauti zenye jina moja.

Hatua ya pili ni mipangilio ya kiungo. Mhasibu anachagua kwamba kiungo kifunguliwe na yeyote aliye nacho, halafu anatazama kiwango cha ruhusa. Mara nyingi huduma hupendekeza yenyewe `Can edit`, na kwa hati iliyokamilika hilo linabadilishwa kuwa `Can view`. Kusoma na kupakua kunatosha. Mteja hana sababu ya kubadilisha hesabu ndani ya folda ya ofisi, na zile folda zilizokuwa wazi kuandikwa mwaka 2016 zinaonyesha ruhusa hiyo inaweza kuzaa nini.

Kisha anajaza `Set expiration date`. Kisanduku hiki kinataka umakini kuliko kinavyoonekana, kwa kuwa kompyuta nyingi zimepangwa kusoma tarehe kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia siku. Mtu aliyekusudia tarehe 12 Machi akaandika 12/03/2025 anakuwa ameagiza tarehe 3 Desemba, na kiungo kitakaa wazi karibu miezi tisa bila dalili yoyote ya kosa. Dawa ni kuchagua siku kwenye kalenda ndogo inayofunguka, badala ya kuandika tarakimu, kisha kusoma jina la mwezi lililoandikwa.

Muda unaofaa hutegemea mteja na mtandao wake. Folda ya MB 640 kwenye mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde huchukua takriban dakika 43 ikiwa hakuna kukatika, na kukatika kupo. Mteja anaweza kuanza, akaishiwa bando, akaendelea siku ya pili. Kiungo cha saa 24 kilichotumwa Ijumaa mchana kitakufa Jumamosi kabla meneja hajarudi ofisini. Kwa upande mwingine, mwezi mzima hauna sababu: mteja asiyepakua ndani ya wiki anahitaji kupigiwa simu, si kuongezewa muda kimyakimya. Siku saba, zikijumuisha siku tano za kazi, zinawatosha wateja wengi. Mhasibu wa Moshi anachagua Ijumaa tarehe 14 Machi.

Swali linalofuata ni saa ngapi hasa kiungo kitafungwa siku hiyo, na hapa huduma hutofautiana. Nyingine huihesabu tarehe hadi mwisho wa siku, nyingine hufunga siku hiyo inapoanza. Nyingine hufuata saa ya seva, ambayo mara nyingi ni saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Usiku wa manane kwa saa hiyo ni saa tisa usiku Moshi na Mwanza. Badala ya kubishana na seva, mhasibu anamwandikia mteja siku ya mwisho iliyo mbele ya ile halisi: "tafadhali pakua kabla ya Alhamisi jioni, tarehe 13 Machi." Kunabaki nafasi ya kutosha kwa tofauti zote hizo.

Nywila ndiyo inayofuata, katika `Set password`. Mazoea ni kuandika jina la hoteli na mwaka, au namba ya simu ya mteja, na yote mawili ni mambo ambayo mtu aliyekipata kiungo kwa kuiba barua pepe tayari anayaona mbele yake. Nywila inayofaa hapa ni maneno manne ya kawaida yasiyohusiana kati yao wala na mteja, yakitenganishwa kwa vistari. Yana faida kubwa ambayo mfuatano wa alama za ajabu hauna: yanatajika kwenye simu. Mhasibu hahitaji kueleza kama ile ni sifuri au herufi O, moja au herufi I kubwa. Na kila mteja anapata nywila yake, kila utumaji upya, kwa maana ofisi yenye nywila moja ya wateja wote imewapa wateja wote ufunguo wa mafaili ya wenzao.

Nywila haiandikwi kwenye barua pepe yenye kiungo. Haiandikwi pia kwenye barua ya pili inayofuata dakika moja baadaye, jambo ambalo ofisi nyingi hufanya zikiamini zimetenganisha. Anayesoma kikasha cha mteja anaziona barua zote mbili, moja juu ya nyingine. Kutenganisha kwa kweli ni kubadili njia: kiungo kwa barua pepe, nywila kwa simu au ujumbe mfupi. Namba inayopigwa iwe ile iliyokuwa kwenye kumbukumbu za ofisi tangu mkataba ulipoanza. Kama barua pepe imejibu ikisema, "Simu yangu imeharibika, nitumie nywila hapahapa," au imetoa namba mpya, hiyo ndiyo dalili ambayo nywila iliwekwa kuigundua, na kazi inasimama hadi mhusika asikike kwa sauti yake.

Kabla ya kutuma, mhasibu anakijaribu kiungo kama mgeni. Akikibofya kwenye kompyuta yake hakitamwonyesha chochote cha maana, kwa sababu kivinjari tayari kinamtambua kama mwenye akaunti na kinaweza kumpitisha bila kuulizwa. Anakifungua kwenye dirisha la faragha la kivinjari, au vizuri zaidi kwenye simu isiyo na akaunti ya ofisi. Anatazama mambo machache: je, nywila inaombwa kabla jina lolote la faili halijaonekana? Nywila isiyo sahihi inakataliwa? Ndani ya folda, kuna njia ya kupanda ngazi moja juu? Mafaili yanayoonekana ni yale tu aliyoyakusudia? Jaribio hili linakula dakika mbili, na ndilo linalogundua folda isiyo sahihi kabla mteja hajaigundua.

Kuna jambo moja linalowashangaza watumaji. Kiungo kinaweza kufunguliwa kabla mteja hajakigusa. Kikitumwa kwa WhatsApp, programu huitembelea anwani ili kuandaa kile kipande kidogo cha maelezo kinachojitokeza chini ya ujumbe. Kama kiungo hakina nywila, jina la faili linaweza kusomeka hapo, na jina kama "Mishahara ya Februari" linatosha kumtamanisha anayechungulia. Kikitumwa kwa barua pepe ya kampuni, mfumo wa ulinzi wa barua unaweza kukifungua ili kuchunguza kama kina virusi. Huduma zenye viungo vya kutumika mara moja tu huathirika sana: mashine ya ukaguzi inaitumia ile mara moja, na mteja anapobofya anaambiwa kiungo kimekwisha. Mteja akilalamika hivyo dakika chache tu baada ya kutumiwa, sababu ya kwanza ya kufikiria ni hiyo. Kiungo chenye nywila hakisumbuki, kwa kuwa mashine huishia kwenye ukurasa wa kuombwa nywila.

Wanaotengeneza programu hukutana na aina nyingine ya kiungo cha muda, kile cha hifadhi ya S3 ya Amazon, ambacho muda wake umeandikwa ndani ya anwani yenyewe na kutiwa saini ya kihesabu. Hakina nywila, na muda wake hauzidi siku saba. Hauwezi kurefushwa baada ya kutolewa, hutengenezwa kingine. Amazon huangalia muda pale ombi linapofika, kwa hiyo upakuaji ulioanza dakika ya mwisho huachwa umalizike, lakini mtandao ukikatika katikati na mteja akaanza upya baada ya muda kupita, anakataliwa. Kwa mitandao inayokatikakatika, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kiungo cha saa moja kinafaa au hakifai.

Kinga zote hizi zinamlinda mteja hadi mlangoni tu. Akishapakua, nakala iliyo kwenye simu au kompyuta yake haijui habari ya nywila wala tarehe. Inaweza kunakiliwa, kuchapishwa, kusahauliwa kwenye kompyuta ya dukani palipo na huduma ya intaneti. Baadhi ya huduma zina chaguo la kuzuia upakuaji, lakini anayeweza kuona ukurasa anaweza kuupiga picha. Chaguo hilo linapunguza nakala za bahati mbaya, halimzuii aliyedhamiria. Vilevile, katika huduma nyingi nywila ya kiungo haifungi faili lenyewe. Faili linabaki linasomeka kwa kampuni inayoendesha seva, na nywila ni sharti tu ambalo seva hulitaka kabla ya kulitoa. Proton Drive ni miongoni mwa zile zinazofanya tofauti, kwa kusimba faili kwenye kifaa cha mtumaji kabla halijapanda.

Kwa jedwali la mishahara, mhasibu wa Moshi ana sababu ya kwenda hatua moja zaidi na kulifunga faili lenyewe kabla ya kulipakia. Programu huria ya 7-Zip inafanya hivyo kwa usimbaji wa AES-256:

```
7z a -p -mhe=on mishahara.7z Mishahara/
```

Alama `-p` huifanya programu iombe nywila, na `-mhe=on` huficha pia majina ya mafaili yaliyomo. Mteja atahitaji 7-Zip au programu nyingine inayofungua aina hiyo ya faili, na ni heri kumuuliza mapema. Nywila hii nayo inatakiwa kuwa tofauti na ya kiungo, tena ndefu zaidi, kwa sababu iko kwenye hatari ya namna nyingine. Anayebahatisha nywila ya kiungo lazima aiulize seva kila mara, na huduma iliyotengenezwa vizuri humpunguzia mwendo baada ya makosa machache. Anayebahatisha nywila ya faili alilokwisha kulipakua haulizi mtu. Kompyuta yake inajaribu usiku kucha, na hakuna tarehe ya mwisho itakayomkatiza. Maneno manne yanatosha kwenye kiungo cha siku saba. Kwenye faili litakalobaki duniani bila ukomo, sita au saba ndiyo kipimo cha busara.

Tarehe ya kufungwa nayo ina mpaka wake. Siku ikifika, kiungo hufa lakini faili halifutwi. Folda iliyotengenezwa kwa ajili ya utumaji inabaki kwenye akaunti ya ofisi, ikisubiri mtu atengeneze kiungo kingine au akaunti iibiwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zote zinamtaka anayeshika taarifa za watu asizihifadhi kwa muda unaozidi haja aliyozichukulia. Nakala ya utumaji haina haja tena baada ya mteja kupokea, maana asili yake imo kwenye folda ya kazi. Hivyo meneja wa hoteli anapothibitisha Jumanne kwamba amefungua mafaili yote, mhasibu hasubiri Ijumaa. Anaondoa kiungo siku hiyohiyo, anafuta folda, anamwaga na pipa la taka la akaunti ambamo mafaili yaliyofutwa hukaa kwa muda, kisha anabofya kiungo kwenye simu ileile ya majaribio ili aone kinakataa.

Inabaki hali moja ambayo hutokea hata kwenye ofisi makini: kiungo kimekwenda kwa anwani isiyo sahihi, kwa vile sanduku la barua lilijaza jina lenye kufanana. Kuomba aliyepokea aifute barua si kinga. Kubadilisha nywila pekee kunasaidia, lakini kunaacha anwani ileile ikifanya kazi na kumlazimu mhasibu kukumbuka baadaye kwamba kuna mtu mwingine aliye nayo. Kinachofanyika ni kukifuta kiungo kabisa, kisha kutengeneza kipya. Mfuatano mpya wa herufi unazaliwa, na ule wa zamani haufungui chochote popote ulipo. Baada ya hapo unatazamwa mpangilio wa matukio wa huduma, kama mpango uliolipiwa unao, kuona kama faili lilifunguliwa kati ya saa ya kutuma na saa ya kufuta. Kama nywila ilikuwa bado haijasomwa kwa mtu kwenye simu, mishahara ya wafanyakazi wa hoteli haikuonekana na yeyote, na mteja anaweza kuelezwa hivyo kwa uhakika. Kama kiungo kilikuwa wazi na matukio yanaonyesha kilifunguliwa, hoteli inaarifiwa bila kuchelewa, ikitajiwa faili gani, saa ngapi, na taarifa za wafanyakazi gani zilikuwa ndani.